Kumi na mbili ya nini? Uchambuzi wa kisa cha kufundisha sehemu kwa karatasi, kamba na machungwa, Darasa la Tano

Kisa hiki nilikieleza kwanza kwa walimu wenzangu kwenye kikao cha MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini, shuleni kwetu, nikiwa na kamba mbili mkononi na daftari la mwanafunzi mmoja. Nimeondoa jina la shule, la wilaya na la kila anayetajwa. Makosa mengi yaliyomo ni yangu mwenyewe, kwa hiyo hakuna wa kumlinda sana.

Darasa lenyewe

Ni shule ya msingi ya serikali mkoani Tanga, kwenye ukanda wa machungwa na mashamba ya katani. Darasa la Tano lilikuwa na wanafunzi 72 katika chumba kimoja, wakikaa watatu watatu. Kipindi ni dakika 40. Vitabu vya Hisabati vilikuwepo, lakini kimoja kilisomwa na watoto watano au sita.

Mada ilikuwa sehemu. Kabla ya kuanza niliwapa maswali matatu ubaoni wajibu kwenye vipande vya karatasi bila kuandika majina. La kwanza: ipi kubwa, 1/3 au 1/4? La pili: 1/2 + 1/3 ni ngapi? La tatu: watoto wanne wamepewa machungwa matatu wagawane sawa, kila mmoja atapata kiasi gani?

Kwenye swali la kwanza wengi waliandika 1/4, kwa sababu nne ni kubwa kuliko tatu. La pili lilijibiwa 2/5 na sehemu kubwa ya darasa. Wamejumlisha juu kwa juu, chini kwa chini, kama watoto wa Darasa la Tano wafanyavyo kila mahali. La tatu wengi waliliacha wazi. Wachache waliandika "haiwezekani", na mmoja akaandika "mmoja akose".

Kabla sijarudi ubaoni kuwafundisha upya KDS, yaani kigawe kidogo cha shirika, niliwauliza swali la mdomo ambalo sikulipanga: robo ni nini? Binti mmoja akajibu haraka, "Robo ni kale kamfuko kadogo ka sukari." Darasa zima likakubaliana naye. Nikasema, na robo ya tikiti maji je? Wakacheka. Tikiti haliuzwi kwa robo, linauzwa kwa kipande.

Jibu lile lilibadilisha mpango wangu wote. Mtoto anayetumwa dukani kila siku ameshajifunza neno robo, na amelijifunza vizuri: ni gramu 250, ni uzito, ni kitu chenye ukubwa wake. Nusu nayo vivyo hivyo, ni mfuko mkubwa zaidi. Neno "kilo" limemezwa, halitamkwi. Kwa mtoto huyu robo ni jina la mfuko, haina habari ya kitu kizima ilikotoka. Hata wakubwa tuna mkanganyiko wa aina hii. Wazee wetu waliita sarafu ya senti hamsini sumni, neno lile lile thumuni, yaani moja ya nane, na huku sarafu yenyewe ilikuwa nusu shilingi. Jina lilibaki na kizima chake kikabadilika.

Uamuzi wa kuanza na karatasi

Nilitaka kuanza na machungwa. Ndiyo zana iliyokuwa jirani, na watoto hupenda somo linaloliwa. Lakini ilikuwa Ramadhani, na zaidi ya nusu ya darasa walikuwa wamefunga au wanajaribu kufunga. Kumpasulia mtoto aliyefunga chungwa mbele ya pua yake saa tano asubuhi ni ukatili. Machungwa yakasogezwa hadi baada ya Idi. Uamuzi huo ulitoka kwenye kalenda na haukutoka kwenye ualimu wowote, lakini nikitazama nyuma naona ndio uliookoa mada.

Karatasi nilizipata bure kwa mwalimu wa taaluma: mitihani ya majaribio ya mwaka uliopita, iliyoandikwa upande mmoja. Karatasi ya A4 ina upana wa sentimita 21, kwa hiyo ukiikata kwa urefu unapata tepe 7 za upana wa sentimita 3. Kila utepe nikaupunguza ubaki na urefu wa sentimita 24. Namba 24 niliichagua kwa makusudi: nusu yake ni 12, theluthi 8, robo 6, sudusi 4, thumuni 3, zote kamili. Wanafunzi walikuwa jozi 36, kila jozi tepe 5, jumla tepe 180 kutoka karatasi 26. Nilizikata nyumbani jioni mbili kwa mkasi na rula. Duara sikulitaka. Kitabu kinapenda duara lenye vipande kama vya mkate, lakini mtoto hawezi kukunja duara katika tatu, na akikosea haoni kwamba amekosea. Utepe ukikunjwa vibaya ncha hazikutani, na hilo analiona mwenyewe bila kuambiwa na mwalimu.

Mchezo wa kwanza tuliuita Kunja, Kisia, Kunjua. Unakunja utepe nusu kwa nusu bila kuufunua, mara moja, mara mbili, mara tatu. Kabla ya kuufunua unamwambia mwenzako vipande vitakuwa vingapi, naye anaandika. Kisha unafunua.

Mkunjo mmoja: wote walisema viwili. Mikunjo miwili: wote walisema vinne. Mikunjo mitatu: sauti zikapishana, na wengi wakasema sita. Walikuwa na sababu. Kila ukikunja unaongeza viwili, si ndiyo? Mbili, nne, sita. Wakafunua wakakuta vinane, na jozi kadhaa zikakunja upya zikiamini zimekosea. Mvulana wa dawati la tatu ndiye aliyeona. Alirudisha utepe wake kwenye mikunjo miwili, akautazama ubavuni, akasema: "Mwalimu, hapa ziko nne, zimelaliana. Nikikunja tena nazikunja zote." Nikamwita mbele aseme tena kwa sauti. Sikuongeza neno.

Kulikuwa na kosa la pili, dogo lakini sugu. Baada ya kufunua, baadhi walihesabu alama za mikunjo badala ya vipande, wakapata saba. Nilirekebisha kwa haraka nikapita. Lilinirudia siku ya kamba.

Theluthi ndiyo iliyotutoa jasho. Niliwaambia wakunje kama barua inayoingia kwenye bahasha, ncha moja ndani na nyingine juu yake, wakisogeza kidogo kidogo mpaka zilingane. Watoto wa siku hizi hawakunji barua. Nusu ya jozi zilipata vipande viwili sawa na kimoja kifupi, na walipoulizwa wakasema ni theluthi tatu, kwa kuwa viko vitatu. Hapa nilisimama. Kama kila kipande kimoja kati ya vitatu ni theluthi, basi hata ukimkata mwenzako kijipande cha ukucha umempa theluthi. Nilichukua utepe mbovu wa jozi moja, nikaukata kwenye mikunjo yake, nikawauliza wawili wale nani atachukua kipi kama ingekuwa chapati. Wakaupigania ule mrefu. Hapo neno sawa likapata maana.

Wiki iliyofuata tukacheza Jaza Mama. Jozi dhidi ya jozi, kila upande na utepe wake mzima ulioitwa Mama, ambao haukatwi kamwe. Tepe nyingine zimekatwa kuwa nusu, robo na thumuni. Kwenye boksi la chaki kuna vizibo 6 vya soda: kimoja kimeandikwa 1/2, viwili 1/4, vitatu 1/8. Unachota bila kuangalia, unachukua kipande chenye ukubwa huo, unakilaza juu ya Mama, unarudisha kizibo. Anayemjaza Mama sawasawa kwanza ameshinda. Kipande kikizidi ncha, umekosa zamu. Unaruhusiwa kubadilisha, kwa mfano kutoa nusu moja upewe robo mbili, kwenye "benki" ya vipande iliyo katikati.

Mchezo ulipendwa mno. Mwalimu wa zamu alikuja mara mbili kuuliza kuna nini. Watoto walijua baada ya siku moja kwamba 1/4 na 1/8 na 1/8 zinalingana na 1/2, na walilisema kama wanavyosema bei. Nikaridhika. Kuridhika kule kulikuwa kosa langu la kwanza kubwa, nitalirudia mbele.

Siku ya kamba

Karatasi ilinipa familia ya nusu, robo na thumuni. Kwa 1/2 + 1/3 nilitaka kitu kirefu kinachoonekana na watoto 72 kwa pamoja, nikachagua kamba ya katani, ambayo kwetu haina shida kupatikana. Mpango: vikundi 9 vya wanafunzi 8, kila kikundi kamba ya sentimita 120. Nusu ni 60, theluthi ni 40. Vikilazwa ncha kwa ncha vinafika 100, na pengo la 20 linalobaki linaingia kwenye kamba nzima mara 6. Jibu, 5/6, linalala sakafuni.

Nilikata kamba asubuhi kabla ya mstarini, kwa haraka, nikipima kwa kamba ya kwanza badala ya futi. Ya mwisho ilikuwa kipande kilichobaki kwenye bunda, na sikukipunguza. Ilitoka kama sentimita 140.

Halafu nikafanya jambo la pili la haraka: nilikipa kila kikundi kamba moja tu.

Tulitoka nje chini ya mwembe. Kazi ya kwanza, kunja kamba katikati, kata. Mara moja kikundi kimoja kikalalamika: "Mwalimu, nusu yao ndefu kuliko nusu yetu." Walikuwa sahihi, wenzao walikuwa na ile ya 140, nusu yake 70. Nikataka kuomba radhi na kubadilisha kamba, lakini binti yule wa mfuko wa sukari akasema, "Lakini wao kamba yao ilikuwa ndefu toka mwanzo." Nikamwambia, haya mama, waeleze wenzako. Akaeleza. Zile dakika tano zilifundisha maana ya sehemu kuliko wiki yote iliyotangulia, na zilitokana na uzembe wangu wa kupima.

Baada ya hapo mambo yakaharibika. Ili kupata theluthi walihitaji kamba nzima, na kamba nzima haipo tena, imekatwa nusu. Wengine walikunja nusu yao mara tatu wakakata, wakanionyesha wakiita theluthi. Ilikuwa theluthi ya nusu, yaani 1/6, sentimita 20. Hawakuwa wavivu. Kizima kilikuwa kimetoweka machoni pao, wakachukua kilichopo mkononi wakakifanya kizima. Kwenye karatasi Mama alikuwepo mezani muda wote, na hapa nilikuwa nimemuua kwa kisu.

Kikundi kingine kilikuwa na akili zaidi. Walikuja kuazima ile kamba ya kupimia iliyobaki kwangu, wakapata theluthi yao ya 40, kisha wakaifunga fundo na nusu ili isiteleze. Wakainyoosha kando ya kamba yangu nzima, wakapima pengo kwa kijiti, wakakirudia kijiti kwenye kamba: kinaingia mara nne. Wakaandika 1/2 + 1/3 = 3/4. Kazi nzuri, jibu si sahihi. Fundo la katani nene lilikuwa limekula kama sentimita 10, pengo likawa 30 badala ya 20. Nilichelewa kulielewa, mpaka kengele inapigwa nilikuwa bado nawauliza wamehesabuje.

Jambo la tatu lilikuwa ile hesabu ya mikunjo na vipande. Kikundi kilichotaka vipande vinne kilikata mara nne, kikapata vitano. Ukikata mara tatu unapata vinne, kama vile alama saba za mikunjo zilivyotoa vipande vinane.

Kesho yake nilirudia kazi yote na mabadiliko manne. Kamba zilipimwa kwa futi, zikafungwa uzi kwenye ncha zisichambuke. Kila kikundi kilipata mbili, moja ikiwa Kamba Mama, ambayo haikatwi. Mama wa darasa alinyooshwa kati ya misumari miwili chini ya ubao. Mafundo yakapigwa marufuku: vipande vinalazwa sakafuni ncha kwa ncha, mtoto mmoja akikanyaga kila ncha, bila kuvuta, kwa sababu katani ikivutwa hunyooka na ikiachwa hurudi.

Safari hii pengo likawa 20, likaingia kwa Mama mara sita, na vikundi vingi vikafika 5/6 bila mimi. Kisha nikawauliza waliokuwa bado wanatetea 2/5: haya, nikatieni mbili ya tano ya Mama. Tuliipima kwa futi, sentimita 48. Wakailaza kando ya nusu, yenye 60. Kimya. Mvulana mmoja akasema, "Tumeongeza, ikapungua." Sijui njia nyingine ya kuua 2/5 iliyo safi kuliko ile. Kanuni ya KDS inamwambia mtoto kwamba amekosea, lakini kamba inamwonyesha kwamba jibu lake ni upuuzi.

Machungwa, baada ya Idi

Watoto wanne, machungwa matatu. Vikundi 18, machungwa 54. Suala la kwanza halikuwa la hisabati. Tangu 2016 elimumsingi hutolewa bila ada wala michango ya lazima, na mwalimu mkuu wetu, kama wengi, hushtuka akisikia neno mchango. Kuwaambia watoto "kila mtu alete chungwa" kungeleta mzazi ofisini kesho yake. Nilinunua mwenyewe nusu kiroba, na mwalimu mwenzangu wa Sayansi akajazia kutoka kwenye miti yake. Hatukuyamenya. Chungwa lililomenywa na kukatwa robo hulegea na kumwaga maji, ila lenye ganda hubaki na umbo na linaweza kuunganishwa tena. Kisu kilikuwa mikononi mwetu wawili tu, mimi na mwenzangu, kila mmoja na beseni la maji.

Sheria ilikuwa moja: hakuna mpango, hakuna kisu. Kikundi kinachora machungwa yake matatu kwenye daftari, kinaonyesha pa kukata na nani anapata nini, kisha kinakuja. Bila sheria hiyo wangekuja wote 72 kwa pamoja. Hata hivyo ilituchukua vipindi viwili mfululizo, na kikundi cha mwisho kilikula wakati wenzao wako mapumziko.

Mipango ilikuwa ya aina mbili. Vikundi vingi vilikata kila chungwa robo nne, vikapata vipande 12, kila mtoto vitatu. Vichache vilikata machungwa mawili nusu nusu na la tatu robo nne, kila mtoto nusu na robo. Zikaanza kelele: wa vipande vitatu wamepata zaidi kuliko wa vipande viwili! Niliwaachia wabishane kidogo. Kisha nikawaambia, kila mmoja aunge chungwa lake mkononi. Aliye na robo tatu akaziunga, likabaki pengo la robo. Aliye na nusu na robo akaunga, pengo lile lile. Wakaweka mikono karibu karibu kulinganisha, maji ya chungwa yakiwachuruzika mpaka kwenye viwiko, kisha wakala.

Sasa lile daftari. Kwenye kazi ya kuandika, mvulana mmoja mpole, asiyeinua mkono hata mara moja, aliandika kwamba kila mtoto alipata 3/12. Nikampiga kosa kwa wino mwekundu na kuandika pembeni 3/4. Jioni, nikisahihisha la hamsini na ngapi sijui, nikakutana na 3/12 nyingine, na safari hii nikasita. Vipande vilikuwa 12. Alichukua vitatu. Amekosea wapi?

Hakukosea. Amepata 3/12 ya machungwa yote, yaani robo ya rundo, na ndivyo inavyopaswa kuwa: watu wanne wakigawana rundo sawa, kila mmoja hupata robo yake. Na amepata 3/4 ya chungwa moja. Majibu yote mawili ni ya kweli kwa kile kile kilichomo mkononi. Kinachotofautiana ni kizima. Mimi niliyekuwa nimeshinda wiki tatu nikisema "Mama yuko wapi" sikuwa nimewaambia Mama wa siku ile ni nani, rundo au chungwa.

Asubuhi nilimwita, nikamwuliza bila kumwonyesha kosa: kumi na mbili ya nini? Akasema, "Ya vipande vyote, Mwalimu." Na vipande vyote ni nini? "Machungwa matatu." Na chungwa moja lina vipande vingapi? Akatulia. "Vinne." Akaandika mwenyewe chini ya wino wangu: 3/12 ya machungwa matatu, 3/4 ya chungwa moja. Nikafuta kosa langu, nikaweka pata mbili.

Matokeo

Baada ya wiki nne niliwarudishia maswali yale yale matatu, karatasi bila majina. Kwenye 1/3 na 1/4 walikosa wachache sana. Kwenye machungwa darasa karibu zima liliandika jibu, na wengi waliandika na neno "ya" mbele yake, "3/4 ya chungwa", jambo ambalo sikuwahi kuliona kwenye madaftari yangu.

Lakini kwenye 1/2 + 1/3 karibu nusu ya darasa walirudi kwenye 2/5. Ni watoto wale wale waliokanyaga ncha za kamba na kusema "tumeongeza, ikapungua". Niliita baadhi, nikawapa kamba, wakapata 5/6 papo hapo. Nikawapa kalamu, wakaandika 2/5.

Nilivyokielewa kisa hiki

Kushindwa huko ndiko kulikonifundisha zaidi, na chanzo chake ni lile ridhiko la Jaza Mama. Wiki nzima watoto walicheza kwa mikono na midomo, na hakuna aliyeandika chochote. Mchezo ulikuwa dunia moja na daftari dunia nyingine, na mwanafunzi hakuwa na sababu ya kuvusha kitu kutoka huku kwenda kule. Kwenye daftari walikuta alama walizozizoea, wakafanya walichozoea.

Nilichofanya wiki ya tano ni kuongeza sheria moja tu kwenye mchezo ule ule: kabla ya kuchota tena, andika umefika wapi. Una robo juu ya Mama, umechota thumuni. Huwezi kuandika "robo na thumuni". Lazima useme ni thumuni ngapi kwa jumla, maana mpinzani atakagua. Mtoto analaza thumuni mbili juu ya robo yake, anaona zinalingana, anaandika 2/8 + 1/8 = 3/8. Kubadilisha vipande kwenye benki, jambo walilokuwa wanalifanya tayari kwa mikono, kukawa ndiko kutafuta asili ya shirika, yaani namba moja ya chini kwa sehemu zote. Nikaingiza tepe za theluthi na sudusi, na hapo 1/2 + 1/3 ikaandikwa 3/6 + 2/6 bila mimi kutaja KDS. Nilipoitaja, wiki iliyofuata, ilikuwa jina la jambo wanalolijua. Waliobaki na 2/5 wakawa wachache, ingawa wapo, na wawili kati yao tatizo lao ni kuzidisha, si sehemu.

Kuhusu zana zenyewe, kila moja ina kazi yake na ina udhaifu wake. Karatasi inakunjika bila kuharibu kizima, ndiyo maana inafaa kuanza; udhaifu wake ni kwamba inapenda mbili, nne, nane, na inachukia tatu na tano. Kamba ni nzuri kwa kujumlisha kwa sababu inalala ncha kwa ncha na darasa zima linaona, lakini kukata hakurudi nyuma, kwa hiyo bila kamba ya pili kizima kinapotea. Chungwa ni zana mbaya ya kupima. Hakuna machungwa mawili yanayolingana, na robo zake hazilingani hata ukiwa fundi. Nguvu yake ni ugomvi: mtoto hatabishana nawe kuhusu utepe wa mtihani wa zamani, ila chungwa lake atalitetea. Ningeanza na machungwa kama nilivyotaka, ningepata ugomvi kabla watoto hawajawa na njia ya kuumaliza.

Bado kulikuwa na shida ya humusi. Hakuna mtoto, wala mimi, anayeweza kukunja utepe katika tano kwa jicho. Mwenzangu wa Sayansi ndiye aliyenionyesha njia, na sasa naitumia hata kwa theluthi. Fungua daftari la mistari kwenye kurasa za katikati, zile zenye pini, ambako mistari inapita moja kwa moja kutoka ukurasa hadi ukurasa. Weka utepe kwa mshazari, ncha moja kwenye mstari wowote, kisha uzungushe mpaka ncha ya pili iangukie mstari wa kumi kutoka ule, bila kuuhesabu ule wa mwanzo. Tia alama ya kalamu kila baada ya mistari miwili. Nafasi za mistari zinalingana, kwa hiyo na alama zitalingana, utepe uwe na urefu wowote, mradi usiwe mfupi kuliko umbali wa mistari hiyo na utoshe kwenye kurasa hizo mbili. Kunja kwenye alama, umepata humusi tano. Kwa theluthi hesabu mistari kumi na miwili, tia alama kila wa nne.

Mvulana wa 3/12 alijaribu kwa utepe mrefu kuliko wa wenzake, akaona unafanya kazi vile vile, akaja kuniuliza kwa nini. Nilimwambia ajibu mwenyewe. Bado hajarudi na jibu, lakini daftari lake la mistari limejaa michoro ya mishazari kuanzia jalada hadi jalada, na mwalimu wa Kiswahili ameshanilalamikia.